Kikomo cha ln(x² + 1) / ln(x³ + 1) x ikienda infiniti: hatua kwa hatua, na mahali alama zinapopotelea

Kila muhula wa kwanza ukifika katikati, swali hili hunirudia. Huja kwa picha za simu kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioko Maseno, Njoro, Kakamega na Bondo, na mara nyingine kutoka kwa walimu vijana wa sekondari hapa Kisumu wanaotaka kujikumbusha. Wengi wao jibu wanalo tayari. Kinachowasumbua ni kingine: "Mwalimu, mimi nimepata 2/3, na jibu ni 2/3. Mbona nimepewa alama moja kati ya tano?"

Mwongozo huu ni wa huyo anayeuliza hivyo. Swali lenyewe ni hili:

```
        ln(x² + 1)
lim     ----------
x→∞     ln(x³ + 1)
```

Jibu ni 2/3, na sikuona haja ya kulificha. Kazi iko kwenye mistari inayokufikisha hapo, hasa mstari mmoja ambao watu huuandika vibaya na bado wakafika salama.

Kabla ya kuanza

Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha sayansi. Kile ulichotumia kwenye KCSE kinatosha kabisa.

Kumbuka kanuni mbili za logi, na mbili tu:

```
ln(A·B) = ln A + ln B        (A > 0, B > 0)
ln(xⁿ)  = n·ln x             (x > 0)
```

Hakuna kanuni ya ln(A + B). Andika sentensi hiyo juu ya karatasi yako ikibidi, kwa sababu nusu ya makosa nitakayoeleza hapa chini yanatoka kwa mtu aliyejitungia kanuni hiyo.

Kumbuka pia kwamba x ikikua bila mwisho, ln x nayo hukua bila mwisho, ingawa kwa mwendo wa polepole sana, huku 1/x² na 1/x³ zikishuka kuelekea 0. Kwa sababu ln 1 ni 0, basi ln(1 + 1/x²) na ln(1 + 1/x³) nazo hushuka kuelekea 0. Ukiwa na hayo, twende.

Hatua

1. Soma swali na uweke mabano mahali pake.

Maswali haya yakitumwa kwa simu hufika yakiwa hivi: `log x^2+1 / log x^3+1`. Hapo kuna swali zaidi ya moja limejificha. Laweza kuwa ln(x² + 1) juu ya ln(x³ + 1), ambalo ndilo letu. Laweza kuwa (ln x² + 1) juu ya (ln x³ + 1), ambapo ile moja iko nje ya logi. Au laweza kuwa (ln x)² + 1 juu ya (ln x)³ + 1, ambapo kinachopandishwa kipeo ni logi yenyewe.

La kwanza na la pili yote hutoa 2/3, lakini la tatu hutoa 0, maana ukiita ln x kwa jina t, unabaki na (t² + 1)/(t³ + 1), na chini kunakua haraka kuliko juu. Kwa hiyo rudi kwenye karatasi ya mtihani, si kwenye ujumbe wa rafiki, uone mabano yanafunga wapi.

2. Taja aina ya kikomo.

x ikienda infiniti, x² + 1 inaenda infiniti, na logi yake pia. Chini ni vilevile. Andika mstari mmoja: "Kikomo ni cha aina ∞/∞, kwa hiyo hakiwezi kusomwa moja kwa moja." Usiandike kwamba ∞/∞ = 1. Aina hiyo yaweza kutoa namba yoyote, na sisi tunataka kujua ni ipi.

Hapo hapo ongeza "tuchukue x > 1". Maneno hayo yanakupa ruhusa ya kutumia ln x bila wasiwasi, na yanakuhakikishia kwamba ln x si sifuri utakapogawa kwayo katika hatua ya 5.

3. Ukiwa ndani ya logi, toa kipeo kikubwa nje ya mabano.

```
x² + 1 = x²(1 + 1/x²)
x³ + 1 = x³(1 + 1/x³)
```

Huu ndio mstari unaobeba swali zima. Tulikuwa na jumla, na logi haina la kufanya na jumla. Sasa tuna mazao ya kuzidisha, na kwa kuzidisha kanuni ipo. Hatujatupa kitu chochote. Zidisha upande wa kulia na utarudi ulikotoka.

4. Tenganisha logi.

```
ln(x² + 1) = ln(x²) + ln(1 + 1/x²) = 2·ln x + ln(1 + 1/x²)
ln(x³ + 1) = ln(x³) + ln(1 + 1/x³) = 3·ln x + ln(1 + 1/x³)
```

Tazama kinachotokea x ikiwa 10. Upande wa kushoto, ln 101 ni 4.6151. Upande wa kulia, 2·ln 10 ni 4.6052, na ln(1.01) ni 0.00995. Jumlisha na utapata 4.6151 tena. Ile +1 iliyokuwa kwenye swali haijapotea, imehamia kwenye kile kipande kidogo cha 0.00995. Ukilinganisha na 4.6052, ni kama shilingi moja kwenye bei ya fahali mnadani: ipo, ihesabiwe, ila haitaamua biashara.

5. Gawa juu na chini kwa ln x.

```
ln(x² + 1)     2 + ln(1 + 1/x²)/ln x
----------  =  ---------------------
ln(x³ + 1)     3 + ln(1 + 1/x³)/ln x
```

Hakikisha umegawa kila kipande, si cha kwanza tu. Wengi huandika 2 na 3 vizuri halafu wakaacha ln(1 + 1/x²) bila kugawa. Hapa jibu halitaharibika kwa sababu kipande hicho kinaenda 0 hata hivyo, lakini alama ya usawa uliyoandika itakuwa ya uongo.

6. Sasa ndipo upeleke x infiniti.

ln(1 + 1/x²) inaenda 0, na ln x inaenda infiniti. Kitu kinachoenda 0 kikigawanywa kwa kitu kinachokua bila mwisho, kinaenda 0. Chini ni hivyo hivyo. Inabaki (2 + 0)/(3 + 0), yaani 2/3.

Andika neno "lim" kwenye kila mstari wa kikomo hadi hapa, kisha uliondoe kwenye mstari wa mwisho. Ukiliondoa mapema utakuwa umesema kwamba fanksheni yenyewe ni sawa na 2/3, na si kweli hata kidogo. x ikiwa 1, fanksheni hii ni ln 2 juu ya ln 2, yaani 1 kamili.

7. Kagua kwa kikokotoo.

```
x = 1       1
x = 2       0.7325
x = 10      0.66801
x = 100     0.666674
x = 1000    0.6666667
```

Namba zinashuka kuelekea 2/3 kutoka juu. Ukitumia kitufe cha log badala ya ln, juu na chini, utapata namba hizi hizi, kwa sababu kubadilisha msingi wa logi huzidisha juu na chini kwa namba moja na namba hiyo hukatika. Jedwali hili ni la kukutuliza moyo tu. Halichukui nafasi ya hatua ya 3 hadi ya 6, na mtahini hatalipa alama za njia.

Mstari unaonyima watu alama

Mwaka huu kijana mmoja alinionyesha karatasi yake iliyosahihishwa. Alikuwa ameandika kwa mwandiko safi kabisa:

```
ln(x² + 1) = ln x² + ln 1 = 2·ln x + 0
ln(x³ + 1) = ln x³ + ln 1 = 3·ln x + 0
```

Kisha akakata ln x na kupata 2/3. Msahihishaji alikuwa amechora mstari mwekundu chini ya ile alama ya kwanza ya usawa, akampa alama ya jibu na kumnyima zote za njia. Kijana aliona ameonewa. Mimi nilimwambia msahihishaji alikuwa na haki, na nikampa namba ajionee mwenyewe.

Weka x = 2. Kwa kanuni yake, ln 5 ingekuwa sawa na ln 4. Kikokotoo kinasema ln 5 ni 1.6094 na ln 4 ni 1.3863. Weka x = 1, na kanuni yake inatoa 0/0 mahali ambapo jibu halisi ni 1.

Akanijibu, "Lakini mwalimu, kwenye infiniti inafanya kazi." Hapa inafanya kazi, ndiyo. Lakini kanuni ile haijui x inakwenda wapi. Ingekuwa kweli, fanksheni yetu ingekuwa 2/3 kila mahali, hata x ikisogea karibu na 0 kutoka upande wa kulia. Jaribu: x ikiwa 0.1 unapata karibu 9.96, na x ikiwa 0.01 unapata karibu 100. Inapaa juu bila mwisho, wala haikaribii 2/3.

Na hata kwenye infiniti yenyewe, kanuni ile inaweza kukuangusha. Swali hili hupenda kufuata lile la kwanza kwenye karatasi za mazoezi:

```
lim   x²·[ln(x² + 1) − 2·ln x]
x→∞
```

Kwa kanuni ya kijana yule, ndani ya mabano kuna 0, kwa hiyo jibu ni 0. Kwa hatua ya 4, ndani ya mabano kuna ln(1 + 1/x²), kile kipande kidogo tulichokiona. x ikiwa 10, 100 mara 0.00995 ni 0.995. Kikomo ni 1. Katika swali la kwanza kipande hicho kiligawanywa kwa ln x kikafifia, na katika hili kimezidishwa kwa x² kikawa ndicho jibu lote. Ndiyo maana hatua ya 3 haikitupi, bali inakibeba mpaka ionekane kinapoishia.

Kama unapenda njia fupi ya kusema "+1 ni ndogo, tuiache", unaweza kuitumia kichwani ili kubashiri jibu. Kwenye karatasi, onyesha ilikoenda.

Njia ya pili: kanuni ya L'Hôpital

Ikiwa umeshafundishwa kudiferenshia na swali halikukukataza, njia hii ni fupi. Umeshathibitisha aina ni ∞/∞ katika hatua ya 2, kwa hiyo una ruhusa ya kuanza. Diferenshia juu peke yake na chini peke yake:

```
juu:   2x/(x² + 1)
chini: 3x²/(x³ + 1)
```

Gawa la juu kwa la chini:

```
2x(x³ + 1)       2x³ + 2
-----------  =  ---------
3x²(x² + 1)     3x³ + 3x
```

Sasa gawa kila kipande kwa x³. Juu inakuwa 2 + 2/x³, chini 3 + 3/x², na kikomo ni 2/3. Unaweza kurudia kanuni mara ya pili na ya tatu, lakini ni kujitafutia nafasi za kukosea bure.

Angalizo mbili hapa. Usitumie kanuni ya kudiferenshia sehemu nzima, ile yenye kutoa na kugawa kwa mraba wa chini, kwani L'Hôpital hataki hiyo. Na usisahau kuzidisha kwa derivativi ya kilicho ndani ya logi, yaani 2x na 3x².

Mimi mwenyewe huwashauri wanafunzi waijue njia ya kwanza vizuri kabla ya hii. L'Hôpital anakupa 2/3 bila kukuonyesha inatoka wapi. Njia ya kwanza inakuonyesha wazi kwamba 2 na 3 ni vile vipeo vya x vilivyoshuka kutoka ndani ya logi.

Mambo yakikataa

Jibu baya kwenye swali hili huwa linasema lilikotoka. Angalia lako liko wapi.

*Umepata 0.* Umekata "ln" juu na chini kana kwamba ni namba, ukabaki na (x² + 1)/(x³ + 1). ln si kitu kinachozidisha, ni jina la fanksheni, na halikatiki. Kama hukufanya hivyo, rudi hatua ya 1: huenda umesoma (ln x)² badala ya ln(x²).

*Umepata infiniti.* Karibu kila mara ni L'Hôpital bila 2x na 3x². Unabaki na (x³ + 1)/(x² + 1), nayo inapaa.

*Umepata infiniti hasi.* Umegeuza ln A / ln B kuwa ln(A/B). Kanuni ya logi inasema ln(A/B) ni ln A kutoa ln B. Haisemi lolote kuhusu logi moja kugawanywa kwa nyingine.

*Umepata 1.* Umeandika ∞/∞ = 1, au umesema logi zote mbili "zinakua sawa". Zinakua kwa mwendo wa aina moja, ndiyo, lakini ya chini iko mbele kwa tatu dhidi ya mbili.

*Umepata 3/2.* Njia ni nzuri, umegeuza juu chini tu wakati wa kurahisisha.

*Kikokotoo kinaonyesha karibu 1.535 au 0.2895.* Umechanganya vitufe: ln juu na log chini, au kinyume chake. Chagua kimoja utumie kote.

*x ni 100 na kikokotoo kinaonyesha 0.689.* Mabano. Vikokotoo vya zamani havifungui mabano vyenyewe baada ya ln, kwa hiyo 100² + 1 imesomwa kama logi ya 100², kisha 1 ikaongezwa nje. Bonyeza mabano kwa mkono wako.

*Kikokotoo kinaandika Math ERROR.* x yako ni kubwa mno. Vikokotoo vingi vya shule haviwezi kubeba namba ya 10¹⁰⁰ au zaidi, na x ikiwa 10³⁴, x³ inakuwa 10¹⁰². Huhitaji kwenda huko, 1000 imetosha.

*Swali lina namba mbele ya x² na kikokotoo kinakataa kukaribia 2/3.* Hili huwatia watu shaka kweli. Chukua ln(500x² + 1) juu ya ln(x³ + 1). Kwa x = 1000 unapata 0.967, na kwa x = 10⁶ bado ni 0.817. Mtu huapa kwamba kikomo si 2/3. Ni 2/3. Ukitoa 500x² nje ya mabano, juu kunakuwa na ln 500 + 2·ln x + kipande kidogo, na ln 500 ni karibu 6.21. Ukigawa kwa ln x, hiyo 6.21 inafifia kwa mwendo wa ln x, ambao ni wa kobe. Hata x ikiwa 10³⁰, uko kwenye 0.697. Katika swali kama hilo iamini hesabu ya karatasi, kikokotoo hakitakufikisha.

*Swali linasema x → −∞.* Usianze hata hatua ya 3. x ikiwa chini ya −1, x³ + 1 ni hasi, na logi ya namba hasi haipo katika namba halisi. Kikomo hakipo, na sababu ndiyo hiyo ya kuandika. Ila ukiona |x³ + 1| chini, yaani thamani bila alama, basi logi ipo. Tumia ln|x| mahali pa ln x katika hatua zote na utafika 2/3 tena.